Nyama ya Wakoli Kwenye Reli

Mama Mitchelle hana subira na dereva yeyote. Yeye ndiye mshika bendera kwenye kivuko cha reli mtaani kwetu, nami huuza njugu karibu naye, kwa hivyo matusi yake nayajua yote.

Juzi Wakoli, anayebeba nyama kutoka soko la Burma kwa pikapu, alifuata lori kivukoni kabla halijamwachia nafasi ng'ambo. Lori likasimama, pikapu ikazimika juu ya reli na kugoma kuwaka. Vijana waliokuwa wakijenga kwenye mjengo wa jirani wakaja mbio kusukuma, maana huku kwetu gari likikwama halibaki peke yake.

Hapo kengele ikalia na taa nyekundu zikaanza kumwekamweka.

"Wacheni gari!" Mama Mitchelle akafoka. "Taa hizo zikiwaka hatusukumi tena! Tokeni relini, mkimbie kule treni inakotoka, mbali na reli. Ikiigonga, vyuma vitarukia kule inakoelekea!"

Vijana wakatii. Wakoli alikuwa bado anavuta paja la ng'ombe. Mama Mitchelle akamkamata ukosi, akamsukuma nje ya reli, kisha akakimbia kando yake kuilaki treni, bendera nyekundu juu, simu sikioni akikiarifu kituo cha treni.

Treni ilifunga breki mapema, lakini treni haisimami kama bodaboda. Ikaikunja pikapu, na vipande vikatawanyika upande ule ambao hatukukimbilia.

"Nimepoteza nyama yote, mama," Wakoli akalia.

Mama Mitchelle akamfinya shavu kwa nguvu.

"Si yote."