Achari Mpya kwa Simu ya Mama

Siku ile jikoni kwetu Ibra, Omani, tulikuwapo mimi, niliyekwisha acha skuli, wadogo zangu wawili wa kike, na bibi mzaa mama. Baba alitangulia zamani. Mama alikuwa na mwezi mmoja kaburini. Chupa na siki nilivikopa dukani, friza yetu ikawa rahani.

Nilituma tangazo kwa wote waliokuwa wakinunua achari kwa mama, kwa mpigo, kwa namba yangu. Halikumfikia mtu. Ujumbe wa namna ile huwafikia waliohifadhi namba ya mtumaji tu, nao walikuwa na ya mama.

"Basi tumia simu yake," alisema bibi. "Mwenyewe hatokugombeza."

Nikatuma: "Achari mpya ya ndimu kwa tende. Haina ukali, hata watoto wanakula. Chupa riyali moja na nusu. Kuagiza, jibu hapa idadi na mtaa; Ijumaa tunaleta."

Jibu la kwanza lilitoka kwa mteja wa mji wa Sur: "Alhamdulillahi, bibie, kumbe u mzima. Mimi niliambiwa umekufa."

Mdogo wangu mmoja alitoka jikoni akilia. Bibi akasema, "Mjibu, mjukuu wangu, usimwache hivyo." Nikamwandikia yule, kisha wote, kwamba mama tumeshamzika na anayeuza ni mwanawe mkubwa.

Rambirambi zilikuja nyingi. Walioagiza walikuwa wachache. Ijumaa nilipeleka chupa, jioni nikampa mwenye duka nilichopata. Alisema friza ataiacha kwetu mpaka mwisho wa mwezi, lakini nusu ya deni bado.