Tui Lililokatika Rwamgasa

Majina ya wote waliokula kwenye kibanda chetu ninayo kichwani mpaka leo, ila siyaandiki. Watoto wao wapo.

Tulikuwa wawili tukiwapikia wachimba dhahabu wa Rwamgasa, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mimi Msukuma wa Mhunze, nimeishia darasa la pili, mume wangu mchimbaji. Mwenzangu mwanamke wa Tanga, alimfuata mume machimboni, mume akahama na wengine, yeye akabaki. Mimi nilisonga ugali na kuchemsha maharage. Yeye, nazi zikipatikana, alipika sato wa ziwani kwa tui. Nazi zilitoka Pwani kwa treni hadi Shinyanga, kisha kwa lori, na nusu yake zilifika zimeoza.

Nilikuwa najua moto wa aina moja tu, wa makande: kuni zijae, chungu kifunikwe, kitokote mpaka kinyamaze chenyewe. Alinicheka sana.

"Shoga, wewe unapika au unachoma nyumba?"

Kisha mwenzangu akaugua tumbo. Zahanati tulikwenda, dawa alikunywa, lakini akazidi kukonda. Uji anatapika, ugali hataki kuuona. Wiki ya tatu akaniambia, "Ningepata sato wa nazi, hata vijiko vitatu, nadhani vingekaa tumboni." Ndani ilikuwa imebaki nazi moja. Mimi nikashika neno lake lile kama ahadi: vitakaa.

Basi asubuhi nikakaa juu ya mbuzi yake nikakuna, yeye amelala mkekani nyuma ya pazia la gunia, ananielekeza. Nikakamua tui zito la kwanza, nikaliweka pembeni. Nikatia maji, nikakamua tui jepesi. Katika hilo jepesi nikapika kitunguu, nyanya na samaki, likachemka vizuri, maana hilo halina ubishi. Samaki alipoiva nikamtoa, nikamweka kwenye bakuli asivurugike.

"Sasa toa kuni zote, ubakize makaa," akasema. "Mimina lile zito. Usifunike. Koroga upande mmoja, usiache hata kidogo. Likianza kutetemeka pembeni, epua. Ndimu baadaye, likiwa chini."

"Muda gani?"

"Mimi naangalia kwa macho. Wewe Mkatoliki, sali fungu moja la rozari, Salamu Maria zote kumi, polepole, itatosha."

Nikamimina. Nimefika Salamu Maria ya tatu, kijinga kimoja cha kuni bado kinawaka chini ya sufuria na mkono wangu unakwenda kukitoa, nikasikia kikohozi mlangoni. Baba mkwe. Ametoka Mhunze kwa lori, sikumtarajia.

Kwetu mkwe haamkiwi umesimama na mwiko mkononi. Nikatoka, nikapiga magoti vumbini.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka." Akaanza. Mmeamkaje, watoto wameamkaje, mume yuko wapi, mvua mmepata. Na mimi nimuulize: ng'ombe wazima? Mama mzima? Mtama umeota? Kila jibu lina nafasi yake, huwezi kuliruka.

Nikasikia sauti ya ndani, nyembamba: "Shoga, tui! Moto, shoga!"

Nilisikia. Sitasema sikusikia. Nikabaki magotini mpaka mzee aliposema haya, inuka mwanangu.

Lilikuwa linatokota mapovu makubwa. Nikaepua mbio, nikakoroga na kukoroga. Mafuta yalikuwa yameelea juu, ya manjano, na chini vitu vyeupe kama machicha vimeganda vidonge vidonge kwenye maji. Nikalichuja, nikamwekea samaki, nikamkamulia ndimu nikidhani itaficha.

Alitazama bakuli, akaweka kijiko kinywani. Mafuta yakamchafua moyo hapo hapo, akatapika kwenye beseni. Nilipomfuta mdomo akasema taratibu, "Limekatika. Si kosa lako, mkwe ni mkwe." Halafu akageukia ukuta.

Nikamwomba dereva wa lori alete nazi nyingine. Alikawia siku tisa. Siku ya saba tulimzika, Waislamu wa machimboni ndio waliomwosha na kumswalia.

Nazi mbili zilipofika nilizipika za msiba, kwa waliobaki kukaa nasi. Makaa matupu, mkono mmoja, upande mmoja. Baba mkwe alikuwa bado yupo, akaja uani. Nikamwamkia nimekaa pale pale na mwiko haukusimama. Alinitazama, akajiketisha. Kwenye Salamu Maria ya tisa likatetemeka pembeni, nikaepua. Laini, jeupe, zito, halina hata tone la mafuta juu.

Wachimbaji wakala. Mmoja akauliza kama ugali upo zaidi. Hakuna kati yao aliyejua kwamba lile ndilo tui lenyewe, lisilokatika, na ambaye angejua hakuwapo tena kuniambia. Nikaosha sufuria.