Poda ya Mchele Ndani ya Gunia la Njegere

Nilipika miaka mingi katika kantini ya wafanyakazi wa reli hapa Kamina, na nilipostaafu sikutoka na kitu cha maana isipokuwa ulimi wangu. Ungeniwekea mboga mbili mezani, ningekwambia ipi imetiwa chumvi mara mbili na ipi imepashwa moto tangu jana. Ndiyo maana mdogo wangu alinitafuta.

Namwita mdogo wangu ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Alikuwa binti wa jirani katika kambi ya reli, na nusu ya utoto wake aliimaliza jikoni kwangu. Alipokwenda Lubumbashi kusomea lishe, nilikuwa namfungashia unga na samaki wakavu kila nilipopata mtu anayesafiri kwa treni. Alirudi na diploma yake, akaendelea kuniita yaya, yaani mkubwa wake, kama zamani, na sauti hiyo ilinifanya nimkubalie kila alichoniomba.

Alichoomba safari hii kilikuwa kazi. Parokia ilikuwa imempa chumba nyuma ya ukumbi ili atengeneze unga wa uji kwa watoto waliotoka hospitali wakiwa bado wembamba. Mahindi tulikuwa nayo, karanga pia. Alitaka kuongeza protini ya mimea iliyosagwa kuwa poda, na mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi alikuwa amemtumia mifuko mitatu ya kujaribu: ya njegere, ya mchele na ya soya.

Tulizijaribu asubuhi moja, mimi, yeye na akina mama sita wa watoto hao. Alipika uji wa aina tatu katika sufuria zinazofanana, akanizuia nisione mifuko. Wa kwanza ulikuwa na harufu ya maharagwe mabichi, na mama mmoja alirudisha kijiko kabla hajameza. Hiyo ilikuwa soya. Wa pili haukuwa na harufu ya kusumbua, ulikuwa na utamu mdogo wa nafaka, lakini ulibaki ulimini kama vumbi la chokaa, na chini ya kikombe ulijikusanya kama mchanga wa mto. Mchele. Wa tatu ulikuwa laini na mzito, uliposhuka haukukwama popote; ulikuwa na ladha ya majani na udongo, na uchungu kidogo mwishoni. Njegere. Nilisema uchungu huo tungeufunika kwa karanga zilizokaangwa vizuri, na tukaufunika kweli.

Ladha peke yake haikuamua. Mdogo wangu alitueleza kwamba protini imeundwa kwa vipande vingi vinavyoitwa asidi amino, na mwili hauwezi kujijengea vyote. Vingine lazima vitoke kwenye chakula. Alituuliza: ukiwa na vitambaa vya mashati kumi, lakini vifungo vya mashati matatu tu, utavalisha watoto wangapi? Mahindi yamepungukiwa na kifungo kimoja, lisini, akasema, na mchele nao umepungukiwa na hichohicho. Ukiuchanganya mchele na mahindi unaongeza kitambaa, vifungo haviongezeki sana. Njegere ina lisini nyingi, lakini ni maskini wa kingine, methionini, ambacho mahindi yanacho. Zikikutana zinasaidiana. Soya ndiyo inayokaribia kutimiza vyote peke yake, ila akina mama walikuwa wameshaikataa kwa pua zao.

Basi tukachagua njegere. Karatasi ilibandikwa mlangoni ikieleza mchanganyiko, na chini yake mdogo wangu aliandika kwamba mimi ndiye niliyeuonja na kuukubali. Niliisoma karatasi ile mara kadhaa. Sikuzoea kuona jina langu ukutani.

Miezi michache baadaye mama mkwe wangu aliugua huko Malemba-Nkulu, nikaenda kumuuguza. Alifariki. Pamoja na matanga, na safari ya kurudi yenye kungoja kila mahali, nilikuwa mbali zaidi ya miezi miwili.

Niliporudi, mama mmoja wa wale sita alikuja kunipa pole. Alikuwa na mtoto mgongoni na uji katika chupa ya kuhifadhia moto. Aliniambia, bila kulaumu mtu, kwamba mtoto alikuwa ameanza kunenepa lakini sasa mizani haipandi, na kwamba siku hizi anatema uji. Nikamimina kidogo kifunikoni, nikaonja.

Vumbi la chokaa. Nilikaa nalo mdomoni, nikilitafutia sababu nyingine. Labda unga haukuchekechwa. Labda uji haukuiva. Lakini ule uzito laini haukuwapo, wala harufu ya majani.

Kesho yake asubuhi nilikwenda parokia kabla mdogo wangu hajafika. Ufunguo wangu nilikuwa nao bado. Gunia lililoandikwa njegere lilikuwa mahali pake. Nilichota vijiko viwili nikavikoroga katika glasi ya maji ya vuguvugu. Njegere hunywa maji na kuyafanya mazito. Hii ilizunguka, ikachoka, ikaanza kutua chini, na maji ya juu yakabaki mepesi. Nyuma ya mlango kulikuwa na magunia matupu yaliyokunjwa vizuri. Yote yalikuwa ya mchele.

Alinikuta nimekaa na glasi ile mbele yangu. Hakuuliza ni nini. Aliweka mkoba wake chini, akaniambia kwamba poda ya njegere haikufika, mzigo ulikwama Lubumbashi, na mfanyabiashara alikuwa na mchele tu. Alihofu akina mama wangesema tumeshindwa, na padri angempa mwingine chumba. Kwa hiyo alijaza mchele katika gunia la zamani la njegere.

"Lakini protini iko ileile, yaya," alisema. "Gramu kwa gramu."

"Weye njo ulinifundisha habari ya vifungo," nikamwambia.

Nilimuuliza kwa nini hakuniandikia hata neno moja. Simu nilikuwa nayo. Na pengine ningemsamehe yote kama angedanganya hapo. Lakini alinijibu kweli.

"Gunia la kwanza la mchele lilifika ungali hapa. Nililificha. Nilijua utasikia na ulimi. Njo maana nilingoja uende."

Alikuwa amekuja kunisindikiza stesheni siku ile niliyosafiri kwenda Malemba-Nkulu. Alinishika mkono na kulia kwa ajili ya mama mkwe wangu, nami nilimfuta machozi.

Nilibandua karatasi mlangoni. Jumapili, baada ya misa, niliwaambia akina mama walichokuwa wakiwapa watoto wao na kwa nini jina langu halipo tena. Sikusema kwamba mchele ndio uliozuia mizani, kwa sababu sikulijua hilo kwa hakika. Watoto huwa na malaria, na minyoo, na siku mbaya. Nilisema tu kwamba walichoahidiwa sicho walichopewa. Yule mwenye chupa aliniuliza kama kweli sikujua. Sikuwa na kitu cha kumwonyesha zaidi ya neno langu.

Mdogo wangu alihamia Lubumbashi kabla ya mvua. Chumba kiliachwa kwetu, na sasa tunatumia soya ya mashamba ya hapahapa. Tunailoweka, tunaichemsha, tunaimenya, tunaikausha na kuikaanga mpaka harufu ya ubichi iishe, kisha tunaisaga pamoja na mahindi. Ni kazi ndefu, na watoto wanakunywa.

Mdogo wangu hunipigia simu wakati wa sikukuu. Huniita yaya, naitika, tunaulizana afya. Habari ya uji haulizi, nami simwambii.