Gishe Tatu na Bariyeri Moja

Mimi ni mtu wa kunyoosha picha ukutani katika nyumba za watu. Nilikuwa hivyo hata miaka ile ya uhuru na uasi, wakati hakuna kitu kilichosimama wima. Nyumbani kwetu ni Nyamianda, mjini Uvira, lakini nilipanga chumba ng'ambo ya mpaka, karibu na uwanja wa ndege wa Usumbura nilikofanya kazi. Serikali ziliondoka na kuingia. Mimi kilichoninyima usingizi ni gishe tatu, zile meza ambapo abiria huonyesha tikiti na mizigo yake hupimwa.

Mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Shefu, alinitoa kwenye mizigo kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. "Wafanyakazi ni wachache," aliniambia. "Panga nani akae gishe gani, saa gani. Ndege ikichelewa kwa ajili ya gishe, unarudi kubeba masanduku."

Nilijifundisha kazi hiyo mwenyewe, kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Kilisema: anza na saa ya ndege kuondoka, rudi nyuma, ujue abiria hufika lini na kila mmoja hukaa gishe muda gani, kisha weka watu panapojaa. Basi kwa siku kadhaa nilikaa nyuma ya gishe, nikitia alama kila abiria aliyehudumiwa. Nikachora mstari kwa wino wa rangi mbili. Ulianza saa mbili kabla ya safari, ukapanda kama mlima ulio nyuma ya Uvira, ukashuka. Niliutazama kama mtu anavyomtazama mchumba. Shefu naye aliusifu, akaubandika ofisini mwake kwa ajili ya wageni.

Siku ya kwanza ya mpango wangu kulikuwa na ndege ndogo ya saa nne asubuhi na ndege kubwa ya saa nane mchana. Niliweka karani mmoja tu asubuhi. Wengine wawili niliwaambia waje saa sita, kwa kuwa mstari ulionyesha kwamba kabla ya saa sita hakuna mtu wa ndege kubwa duniani.

Saa tatu karani aliniita kwa sauti ya mtu anayezama. Nilitoka. Foleni ilifika nje, ikazunguka ukuta, na katikati yake, juu ya furushi la samaki wakavu, alikaa mama mdogo wangu, yule anayemfuata mama yangu.

"Shikamoo, mama mudogo. Ndege yenu ni ya saa nane!"

"Nayijua."

"Sasa mbona mmekuja saa hizi?"

"Bariyeri ya mpaka inafunguliwa saa kumi na mbili, baba. Kule Bwegera kuko masasi, watu wanapigana. Nani anajua kama saa sita itakuwa wazi? Minye nilivuka na wenzangu wote, tuko hapa tangu asubuyi."

"Lakini kwa alama zangu, watu huanza kufika saa mbili kabla."

"Alama ulizitia wapi?"

"Gishe."

"Na gishe munafungua saa ngapi?"

Gishe tulikuwa tukizifungua saa mbili kabla. Nilikuwa nimepima kwa uangalifu mkubwa sana desturi za makarani wetu.

"Weye ndiye ulipanga hii?" Akageukia foleni, kwa furaha isiyofichika. "Ni mutoto wetu huyu! Siku ya kuoa, saa ya arusi tutapanga sisi!"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja wa Makobola akapangusa macho. Mimi nilikuwa nahesabu jambo jingine: abiria wa ndege ya saa nne walikuwa wapi? Walikuwa mkiani. Walifika kwa wakati unaofaa, kama kitabu kilivyosema, wakajipanga nyuma ya watu wa saa nane.

Nikapiga kelele: "Wa saa nne, mbele!" Wa saa nane wakapiga kelele zaidi, maana walioamka kabla ya jogoo hawapendi kuambiwa wangoje. Nilifungua gishe ya pili mwenyewe, nikapima mizigo, nikiandika kila uzito mara mbili kwa woga. Mama mdogo aliwashika watu wa foleni yake kwa maneno tu: "Mumuache kwanza, atalia!"

Ndege ndogo iliondoka imechelewa. Kwa ajili ya gishe.

Shefu hakunifokea. Alisema mpango mpya utafuata bariyeri: gishe moja ya ndege kubwa ifunguliwe mapema, foleni yake peke yake. Kisha akanionyesha kwa kidole masanduku yaliyongoja kubebwa kando ya mizani. Mama mdogo aliruka saa nane kamili, akiwa amenipungia mkono kama anayeaga msiba.

Mstari wangu ulibaki ukutani. Wageni waliendelea kuusifu. Nilipoingia siku moja kubeba sanduku la mmoja wao, niliona umepinda kidogo upande wa kushoto. Niliweka sanduku chini, nikaunyoosha.