Siku Wavuvi Waliposomeka

Maktabani kwetu Nyegezi tulikuwa tunaskani ripoti za zamani za uvuvi. Maswali ya afisa aliyewahoji wavuvi yalikuwa kwa Kiingereza; majibu ya wavuvi aliyaandika kwa Kiswahili, vilevile walivyosema. Kompyuta, katika kugeuza picha za kurasa kuwa maandishi, ilisoma maswali vizuri, majibu ikayavuruga yote. Mkuu wetu akasema Kiingereza kinatosha. Nilichemka kwa hasira, baba yangu alikuwa mvuvi!

Mwenzangu hakubishana. Alifungua mipangilio ya programu, akakuta imewekewa Kiingereza peke yake, akaongeza Kiswahili, akaisomesha kompyuta kurasa upya. Namshukuru hadi leo. Niliandika "furu", samaki wa utotoni mwangu ambaye sasa ni adimu, nikabonyeza kutafuta. Wavuvi wakaanza kunijibu, ukurasa baada ya ukurasa.