Saa Inayorudi Nyuma

Binti yetu wa mwisho alirudi nyumbani Saboti na laptop aliyonunua Bungoma, ya mkono wa pili. Ilikuwa nzuri kwa macho. Shida ni moja: kila ukiiwasha, saa yake imerudi nyuma miaka mingi, kabla hata mjukuu wangu hajazaliwa. Binti anaandika tarehe upya, ndipo mtandao unafunguka. Akisahau, mtandao unakataa, unamwambia ati saa yako iko nyuma. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu tu, lakini hilo nilielewa: mlango haufunguki kwa mtu asiyejua leo ni siku gani.

Nikampeleka nayo kwa fundi Kitale, karibu na stendi, kijana mnene anayekula njugu juu ya skrubu za watu. Njugu zenyewe zilikuwa zimeungua, lakini hiyo ni habari nyingine. Akafungua kifuniko cha chini, akatuonyesha kitu kidogo cha duara kimefungwa plastiki nyeusi, kina nyaya mbili zimechomekwa kwenye ubao.

"Mzee, huyu ndiye anashika saa wakati laptop imezimwa. Amekufa."

"Na hii kubwa?" nikauliza, nikionyesha betri ndefu.

"Hiyo nayo si imekufa kitambo. Ingekuwa nzima ingemsaidia mdogo. Sasa mkichomoa chaja hakuna mtu wa kukumbuka chochote."

Binti akasema anazo betri za duara za mizani ya jikoni. Fundi akacheka. "Ukubwa ni sawa, dada, lakini hizo hazina nyaya. Hii yenye nyaya utaipata Bungoma, kwa yule aliyekuuzia. Mpaka hapo, usichomoe chaja. Hata ukizima, iache kwa umeme."

Shida ni kwamba Bungoma tungeenda wiki iliyofuata, na mtihani wa binti ulikuwa kesho yake alasiri. Mtihani wa kazi ya kuandika maneno yaliyorekodiwa, unafanywa mtandaoni mara moja tu, muda wenyewe ukihesabiwa huko kwa wenye kazi. Alikuwa ameuza mboga Webuye mpaka mgongo ukamuuma. Hiyo kazi ndiyo aliyokuwa akiiombea kanisani.

Usiku huo nilimwambia mama yao, "Chaja isichomolewe." Akajibu, "Fundi anajua laptop. Radi haijui." Huko kwetu chini ya mlima mvua inakuja na radi kila alasiri, na kila nyumba inajua kazi yake: ikinguruma, chomoa kila kitu. Radi iliwahi kuunguza televisheni ya jirani hadi ukuta ukawa mweusi. Ng'ombe wetu mmoja pia, ila yeye hakuwa amechomekwa popote.

Mtihani ukaanza vizuri. Binti ana vidude masikioni, anachapa, simu yake iko dirishani ikimletea mtandao. Mimi nimekaa kimya, hata kukohoa naogopa. Halafu mlima ukanguruma.

"Chomoeni!" mama yao akapiga kelele kutoka jikoni.

"Mama, ngoja! Tafadhali!"

Ikapiga ya pili, karibu sana, mabati yakatetemeka. Mama yao akaingia mbio na unga mikononi, akavuta waya ukutani kabla sijainuka kwenye kiti. Laptop ikazimika puh, kama mshumaa.

"Mama, nilikuwa nusu!"

"Nusu ya nini? Ukiungua utamalizia wapi?"

Tukaungojea mlima unyamaze. Tulipochomeka tena, mashine ikaamka pole pole, ikasimama kwenye maandishi meupe ikilalamikia saa yake, binti akabonyeza, ikaendelea. Mwaka ukawa ule wa zamani. Mtandao ukakataa. Akaandika siku, mwezi, mwaka, akakosea mwezi, akarudia. Ukurasa ulipofunguka ukasema muda umekwisha. Akabonyeza tena na tena, kama anayebisha hodi kwa nyumba iliyohamwa. Mama yao akasimama mlangoni, unga unakauka mikononi. Mimi sijui hata kuwaandikia hao wenye kazi, kuwaeleza habari ya radi.

Wiki iliyofuata tulienda Bungoma. Muuzaji akaweka betri mpya yenye nyaya, kazi ya muda wa kumaliza soda moja tu. Akachomoa chaja, akangoja, akachomeka tena, akawasha. Saa ilikuwa sawa kabisa.

"Umeona, mzee? Sasa haitasahau tena."

Binti akaitazama ile saa, akafunga kifuniko. Akaniuliza kama magari ya Webuye, ya kumrudisha kwenye mboga zake, bado yapo.