Barua ya Kuvunja Mkataba

Nabiha, muuza leso wa Biashara Street, hakuwa mtu wa kubembeleza. Tovuti ya duka aliloachiwa na marehemu babake ilikuwa imezimika wiki tatu, na Lennox, fundi aliyeitunza, alikuwa hashiki simu. Akamwandikia kwa hasira: mkataba ukome Ijumaa, huduma zote zifungwe, naye akabidhiwe jina la tovuti na faili zake zote.

Jumatatu alipanda ngazi za ofisi ya Lennox, Ganjoni, amejiandaa kwa vita. Lennox akampa kiti, kisha flashi yenye faili, na karatasi yenye msimbo wa kuhamishia jina kwa kampuni nyingine. Hakikupungua kitu. Nabiha akakaribia kuona haya.

"Na barua pepe za baba?" akauliza. Miaka kumi na mmoja mzee aliwaandikia wateja humo, akiwaeleza kila leso na jina lake.

Lennox aliinamisha uso. "Zilikuwa kwenye seva ileile ya tovuti, dada. Uliandika huduma zote zifungwe. Ijumaa nikaifuta."

"Bila kuniuliza?"

"Nilikupigia mara nne."

Nabiha alikumbuka. Aliiona simu ikiita, akaigeuza kifudifudi mezani, ili naye Lennox aonje uchungu wa kutoshikiwa simu.